Alama Tatu za Aya Moja

Simu haziruhusiwi katika shule za bweni za Kenya. Ndiyo maana mwalimu mmoja kijana anayefundisha Kiingereza upande wa Siakago, alipotaka kumshauri mdogo wake aliyekuwa akiingia kidato cha nne karibu na Runyenjes, alilazimika kuandika barua. Ilikuwa Januari 2025. Aliandika kurasa nane za fulskepu, akazitia katika bahasha ya kaki, na mama yao akaibeba siku ya kuwatembelea wanafunzi, pamoja na chapati na sukari. Kutoka Siakago bahasha ilikwenda hadi mjini Embu, ikabadilisha matatu, ikapanda barabara ya Meru.

Kurasa hizo nane zinahusu jambo moja tu: jinsi ya kujibu swali la insha juu ya riwaya ya lazima katika mtihani wa KCSE. Mtu angetarajia dada huyo agawe ushauri wake sawasawa, ufahamu kidogo, sarufi kidogo, mashairi kidogo. Hakufanya hivyo, na sababu yake ameitoa katika ukurasa wa kwanza kwa hesabu fupi.

Mtihani wa Kiingereza una karatasi tatu. Ya kwanza ina alama 60, ya pili 80, ya tatu 60, jumla 200. Katika karatasi ya tatu mtahiniwa huandika insha tatu za alama 20 kila moja: ya kwanza ya kubuni, ya pili juu ya riwaya ya lazima, ya tatu juu ya kitabu kimoja cha hiari. Katika karatasi ya pili kuna dondoo kutoka katika kitabu kilichoteuliwa, lenye alama 25. Ukijumlisha zile insha mbili za vitabu na dondoo hilo, unapata alama 65 kati ya 200 zinazotoka katika vitabu ambavyo mwanafunzi amekuwa navyo mkononi tangu kidato cha tatu. Kifungu cha ufahamu hakuna anayekijua kabla ya siku yenyewe. Shairi vilevile. Lakini hizi setibuku anazijua kwa majina ya wahusika wake wote, na bado, anasema dada, ni hapa ambapo wanafunzi wengi huacha alama mezani.

Yeye mwenyewe aliziacha. Alifanya KCSE mwaka 2019, wakati riwaya ya lazima ilikuwa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet. Aliipenda riwaya ile, akaisoma mara tatu, na katika mtihani wa majaribio wa muhula wa pili akapata alama 7 kati ya 20. Karatasi ile aliihifadhi miaka yote alipokuwa akisomea ualimu, na sasa amemtumia mdogo wake nakala. Yeyote anayefundisha somo hili angefaa kuwa na karatasi kama hiyo, kwa sababu ukiisoma pamoja na mgawanyo wa alama unaona mara moja ugonjwa ulipo.

Mgawanyo wenyewe ni huu. Utangulizi hupewa alama 2. Kiini cha insha hupewa 12, yaani aya nne zenye hoja nne, alama 3 kila aya. Hitimisho hupewa 2. Lugha hupewa 4. Dada alikuwa amepata 1 ya utangulizi, 3 za lugha, na sufuri ya hitimisho kwa kuwa muda ulimwishia. Kiini, ambacho ndicho mzigo wa insha, kilimpa alama 3 kati ya 12: aya tatu za kwanza zilipata alama moja moja na ya nne haikupata kitu. Msichana aliyepata 3 kati ya 4 za lugha hawezi kuambiwa kwamba hajui Kiingereza. Alikijua. Kilichomshinda ni kujua aya moja inalipwa kwa nini.

Swali la mtihani ule lilikuwa la kawaida: lilimtaka mtahiniwa aonyeshe, kwa kurejelea riwaya, jinsi udhaifu wa mzazi unavyowaletea watoto mateso. Aya yake ya kwanza ilianza Nakuru. Ilieleza kwamba Ole Kaelo alikuwa na kazi nzuri, kwamba aliachishwa kazi, kwamba aliamua kurudi Nasila na familia yake, kwamba binti zake Taiyo na Resian walihuzunika kuuacha mji waliokulia, kwamba mizigo ilipakiwa na safari ikaanza. Nusu ukurasa. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Mwalimu aliyesahihisha aliandika pembeni alama 1 na neno moja la kumaanisha "hadithi".

Dada anamwomba mdogo wake aisome aya ile huku ameliziba swali kwa kiganja. Je, inasomeka vizuri bila swali? Inasomeka, tena kwa raha. Basi hiyo ndiyo kasoro yake. Aya inayosimama bila swali haikujibu swali. Hiki ndicho kipimo cha kwanza anachompa, na mimi sijaona kipimo kilicho chepesi zaidi cha kutenganisha kusimulia na kujibu. Mwanafunzi anaweza kukitumia peke yake, usiku wa prepu, bila mwalimu wala mwongozo wa kusahihisha.

Kisha anaiandika upya aya ileile. Kwa makusudi anaiandika kwa Kiswahili, ingawa mtihani ni wa Kiingereza, ili kijana aone mifupa ya aya na asipate maneno ya kunakili. Anaandika hivi:

"Tamaa ya Ole Kaelo ya kutaka mali ya haraka inamnyang'anya uwezo wa kumlinda binti yake. Anapoanza biashara Nasila, anakubali msaada wa fedha kutoka kwa Oloisudori, tajiri ambaye sifa zake chafu si siri. Oloisudori hadai fedha zake. Anamdai Resian awe mke wake. Kwa kuwa biashara yake imesimama juu ya fedha za mtu huyo, Ole Kaelo hathubutu kukataa, na harusi inapangwa bila Resian kuulizwa. Msichana anapogundua, anaikimbia nyumba ya baba yake na kuangukia mikononi mwa Olarinkoi, ambaye anampeleka alikopangiwa kukeketwa. Hatari yote anayoipitia njiani inaanzia kwenye deni ambalo si yeye aliyelikopa."

Sentensi saba. Ni fupi kuliko ile ya alama moja. Dada anaichambua sentensi kwa sentensi. Ya kwanza ni hoja: inataja udhaifu, tamaa, na inataja anayeumia, binti. Mtahini akiisoma hiyo peke yake tayari anajua aya inakwenda wapi. Ya pili hadi ya sita ni tukio: nani, wapi, alifanya nini, kukatokea nini. Majina yamo, mahali pamo, na mpangilio wa sababu na matokeo unaonekana. Ya saba inarudi kwenye swali: mateso ya mtoto chanzo chake ni mzazi. Hoja, tukio, kiungo. Hizo ndizo alama 3, na mara nyingi inayokosekana ni ile ya mwisho, kwa sababu mwanafunzi akishamaliza kusimulia tukio husikia moyoni kwamba mambo yamejieleza yenyewe.

Hapa anaongeza kipimo cha pili, kinachotazama upande mwingine. Ziba majina yote katika aya yako. Kama aya sasa inaweza kuwa ya riwaya yoyote duniani, basi umeandika hoja bila ushahidi. Wapo wanafunzi, hasa wale wenye Kiingereza kizuri, wanaoandika kwamba tamaa ni mbaya, kwamba mzazi mwenye tamaa huiharibu familia, kwamba jamii nyingi zimeangamia hivyo. Hayo ni mahubiri, na mtahini hana mahali pa kuyalipa. Kwa hiyo aya mbovu hupotea kwa njia mbili: ama imekuwa hadithi isiyo na swali, ama imekuwa hotuba isiyo na kitabu. Kijana akijua yeye huanguka upande upi, nusu ya kazi imekwisha. Dada aliangukia kwenye hadithi. Anashuku mdogo wake huangukia kwenye hotuba, kwa kuwa ni mwanachama wa chama cha mijadala.

Kitabu cha kijana si kile cha dada yake. Watahiniwa wa 2025 walisoma Fathers of Nations ya Paul B. Vitta, riwaya inayofanyika mjini Banjul, Gambia, wakati viongozi wa Afrika wanapokutana kujadili mustakabali wa bara. Dada aliinunua nakala yake Embu mjini wakati wa Krismasi, akaisoma kabla ya kuandika, na anaonya juu ya mtego uliomo katika muundo wake. Wahusika wakuu ni wanaume wanne kutoka nchi nne, na kila mmoja amebeba historia ndefu ya majeraha yake: Profesa Kimani wa Kenya, Komredi Melusi wa Zimbabwe, Mchungaji Chiamaka wa Nigeria, Injinia Tahir wa Libya. Mtu akiulizwa kuhusu athari za uongozi mbaya, anaona neema: hoja nne zimekuja zenyewe, moja kwa kila mwanamume. Anaanza na Kimani, anasimulia maisha yake tangu ujana, na anapofika kwa Melusi amebakiwa na dakika kumi.

Anamwonyesha namna ya kukata. Maisha ya Kimani yana mambo mengi: ualimu wa chuo kikuu uliokuwa na heshima na baadaye ukadidimia, kifo cha binti yake katika ajali ya barabarani, ndoa iliyovunjika. Kwa swali la uongozi mbaya, hoja inayofaa ni moja. Nchi imefika mahali ambapo mbunge anatajirika huku profesa akihangaika, na ndiyo sababu Walomu, aliyekuwa mhadhiri mwenzake, anaiacha chaki na kwenda siasani, na mke wa Kimani, Asiya, anamwacha mumewe na kumfuata huyo. Hapo kuna uongozi, kuna tukio, kuna anayeumia. Habari ya binti ni nzito zaidi moyoni, na kijana atatamani kuiandika. Aiweke kando, anasema, labda swali liwe la hasara na msiba. Kwa Melusi vilevile: mkewe Ziliza aliuawa katika Gukurahundi, mauaji yaliyofanywa na wanajeshi wa serikali huko Matabeleland katika miaka ya 1980. Sentensi mbili za historia zinatosha. Sentensi zinazobaki zionyeshe jinsi serikali iliyopaswa kumlinda raia ilivyomgeukia, na jinsi uchungu huo unavyomsukuma Melusi hadi Banjul.

Nakubaliana naye kabisa katika hili la kuacha. Wanafunzi hufundishwa kukumbuka, na huko ni kuzuri, lakini insha ya fasihi hulipwa kwa kuchagua. Anayekumbuka mambo thelathini na kuandika yote thelathini hushindwa na anayekumbuka kumi na kuchagua manne.

Ili kuchagua kuwe rahisi, dada anataka mdogo wake awe na daftari la matukio. Si muhtasari wa sura. Miongozo imejaa mihtasari. Ni daftari ambalo kila tukio zito la riwaya limepewa mistari mitatu. Mstari wa kwanza unasema kilichotokea, nani na wapi. Wa pili unasema kilisababishwa na nini na kikazaa nini. Wa tatu, ulio muhimu kuliko yote, unaorodhesha maswali ambayo tukio hilo linaweza kujibu. Tukio la Asiya kumwacha Kimani linaweza kujibu swali la usaliti, la uongozi mbaya, la kuporomoka kwa heshima ya elimu, la ndoa. Likishaandikwa hivyo, tukio moja limekuwa akiba ya insha nne. Matukio ishirini na tano kwa riwaya nzima yanatosha, na kwa kuandika mawili kwa siku kazi inaisha kabla ya likizo ya nusu muhula.

Kuhusu miongozo yenyewe dada ni mkali kuliko ambavyo mimi ningekuwa. Anamkataza kuifungua hadi daftari liishe. Mwongozo mzuri humsaidia mwanafunzi kuona hoja ambayo hakuiona, hilo ni kweli, na wapo wanafunzi wa shule za kutwa ambao mwongozo ndio mwalimu wao wa pili. Lakini ana hoja. Miongozo hutoa hoja kwa wingi na matukio kwa uhaba, kwa hiyo anayeitegemea huingia mtihanini akiwa na vichwa vya hoja visivyo na miili.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kwetu hasa, na sijaona wengi wakiitaja. Kila mwaka vikundi vya waigizaji huzunguka shule za sekondari vikiigiza setibuku. Wanafunzi hukaa ukumbini kwa saa mbili, hucheka, hulia, na kitabu kilichokuwa kigumu huanza kupumua. Ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba riwaya nzima haiingii katika saa mbili, kwa hiyo waigizaji huunganisha matukio, hukata wahusika, na huongeza vichekesho vya kuamsha ukumbi. Miezi mitano baadaye, katika karatasi ya tatu, mwanafunzi anaandika kwa uhakika kabisa jambo ambalo halimo kitabuni. Dada amesahihisha insha za namna hiyo katika shule anayofundisha. Mwanafunzi hakudanganya, alikumbuka jukwaa. Dawa anayoipendekeza ni kwamba siku mbili baada ya maigizo kijana afungue daftari lake la matukio na aweke alama pembeni ya kila tukio lililobadilishwa jukwaani, wakati bado anakumbuka tofauti.

Zinabaki alama 4 za lugha. Hapa barua inakuwa ya Embu zaidi.

Kiembu hakina sauti ya l. Mtoto aliyelelewa kwa Kiembu hujifunza l shuleni, kupitia Kiswahili na Kiingereza, na anapochoka au kuharakisha, ulimi hurudi kwenye r. Au, kwa hofu ya kukosea, huirusha l mahali ilipokuwa r sahihi. Katika mazungumzo hakuna anayejali. Katika maandishi ya Kiingereza, kubadilishana kwa herufi hizo mbili huzaa maneno mengine kabisa: mtu aliyetaka kusali anacheza, mchele unageuka chawa, barabara inakuwa mzigo, aliyetaka kusahihisha anakusanya. Kosa hili hutozwa mara mbili, kwani karatasi ya kwanza ina alama 30 za stadi za kusikiliza na kuzungumza zinazopimwa kwa maandishi, na humo maneno yanayokaribiana kwa matamshi huulizwa mara kwa mara. Dada hamwambii mdogo wake awe makini, kwa kuwa umakini peke yake haumwoneshi mtu kosa asilolisikia. Anamwambia atengeneze orodha yake mwenyewe ya maneno ambayo amewahi kuyakosea, kutoka katika madaftari yake ya kidato cha pili na cha tatu. Haitazidi maneno ishirini. Dakika tatu za mwisho wa kila insha ayatafute hayo tu.

Kosa la pili ni la viwakilishi, na hili linatukumba wote tunaofikiri kwa lugha za Kibantu. Kiswahili kinasema "akamwambia" na hakijali kama aliyesema ni mwanamume au mwanamke, Kiembu vilevile. Kiingereza kinadai uchague kila mara. Kijana anayeandika haraka juu ya Asiya na Kimani anaanza na jinsia sahihi, na katika sentensi ya nne mke amekuwa mwanamume. Baya zaidi, wahusika wawili wanapokutana katika sentensi moja mtahini hajui tena nani alimwacha nani, na hapo kosa halili alama ya lugha peke yake, linakula na ya tukio. Ushauri wa dada ni wa mikono: katika insha za mazoezi, zungushia duara kila kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kisha litamke kwa sauti jina la mtu unayemkusudia. Ukisita, futa kiwakilishi uandike jina. Baada ya insha tano au sita mkono huanza kuandika jina wenyewe.

La tatu analipitia kwa haraka. Insha ya fasihi huandikwa kwa wakati uliopo, kwa kuwa kila kitabu kinapofunguliwa mambo yanatendeka upya. Anayeanza na wakati uliopo na kuteleza hadi uliopita katikati ya aya huonekana kama aliyepoteza njia.

Kisha muda. Karatasi ya tatu ni ya saa mbili na nusu, yaani dakika 150 kwa insha tatu, dakika 50 kila moja. Dada hakujua hesabu hiyo alipokuwa mtahiniwa, au aliijua bila kuitii, na ndiyo sababu hitimisho lake lilipata sufuri. Mpango anaomwekea mdogo wake ni dakika nane za kuandika vichwa vinne vya hoja na jina la tukio mbele ya kila kimoja, dakika thelathini na sita za kuandika, na sita za kusoma tena. Dakika nane za mwanzo humtisha mwanafunzi, kwa sababu wenzake wote wameshainama na kalamu zao zinalia. Lakini ni katika dakika hizo ambapo anagundua kwamba hoja yake ya tatu na ya kwanza ni moja, imevaa nguo tofauti. Akigundua wakati huo, anatafuta nyingine. Akigundua katikati ya aya ya tatu, hana pa kwenda, na mtahini hatalipa hoja moja mara mbili.

Anamkumbusha pia ni nani atakayeisoma. Karatasi za KCSE husahihishwa kwa pamoja katika vituo maalumu, na watahini hugawana maswali. Anayesahihisha insha ya riwaya hajaiona insha yako ya kubuni iliyomfurahisha mwenzake. Amesoma mamia ya majibu ya swali lilelile, na anatafuta hoja nne. Ukizificha, hana muda wa kuzichimba. Kwa hiyo kila aya ianze na hoja yake katika sentensi ya kwanza, na mstari uachwe kati ya aya na aya. Utangulizi uwe wa sentensi tatu au nne zinazolileta swali kwenye riwaya hii na mhusika huyu. Anayelinakili swali kama lilivyo hajatanguliza chochote. Hitimisho lifunge yaliyosemwa, lisilete hoja ya tano.

Ukurasa wa nane haukuwa na ushauri. Ulikuwa na swali moja la Fathers of Nations juu ya usaliti, utangulizi uliokwisha kuandikwa, na aya tatu. Nafasi ya aya ya nne ilikuwa wazi. Kijana alitakiwa kuijaza kwa Kiingereza na kuirudisha nyumbani wakati wa likizo ya nusu muhula.

Aliirudisha. Alikuwa amechagua Walomu kumsaliti Kimani, si Asiya, kwa maelezo aliyoyaandika pembeni kwa kalamu ya risasi kwamba kila mtu darasani angeandika Asiya, na kwamba Walomu alikuwa mhadhiri na mwenzake kabla ya kuwa mbunge. Sentensi ya kwanza ilikuwa na hoja. Tukio lilikuwa na majina, na viwakilishi vyote vilikuwa sahihi. Dada alisoma mara mbili mezani jikoni Siakago, akaandika 2 kati ya 3, akapiga mstari chini ya sentensi ya mwisho ambapo Kimani anamshambulia Walomu na kuishia gerezani. Aya ilikuwa imekomea hapo, kwenye gereza. Chini yake aliandika: "Nimeona alikokwenda Kimani. Sasa nirudishe kwenye usaliti, sentensi moja tu."